Kasha limefungwa, redio bado inakoroma

Karakana ya vyuma mjini Arua, Uganda, saa tisa alasiri, jua kali. Kasha jipya la bati liko mezani, ndani yake inverta ya sola ya wati 1,000. Pembeni kuna redio ndogo ya mkononi iliyoshika kituo cha FM cha mbali. Fundi anafunga mlango wa kasha na kuzungusha kitasa mpaka kinabana. Redio inaendelea kukoroma vilevile.

"Fundi, si ulisema chuma kinazuia kelele ya inverta isiingie redioni?" anauliza mama mwenye duka aliyeliagiza.

"Kinazuia, mama. Tatizo ni haya matundu ya hewa. Niachie mpaka kesho."

Kesho yake matundu yamezibwa kwa kipande cha bati, kikachomelewa vizuri pande zote. Inverta inawashwa, mlango unafungwa.

Redio inakoroma kama jana.

Swali la mama huyo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu majibu mawili yanayotolewa haraka katika hali kama hiyo yote yana kasoro. La kwanza ni kwamba bati ni jembamba. La pili ni kwamba kinga ya chuma ni hadithi ya vitabuni. Bati lilikuwa linatosha, tena kupita kiasi, na fundi hakukosea kuyashuku matundu. Alikosea mahali pa kuanzia, na kosa hilo lina hesabu yake.

## Bati halina hatia

Mawimbi ya redio hayazami ndani ya chuma. Kwenye masafa ya megahezi 100, katikati ya bendi ya FM, mkondo unaozalishwa na wimbi katika shaba hubaki kwenye ngozi ya juu yenye unene wa takriban milimita 0.0066. Kila unapozama kwa kiasi hicho, wimbi hupungua kwa desibeli 8.7. Alumini haiko mbali na hapo: milimita 0.008 hivi.

Bati la geji 18 alilotumia fundi lina unene wa karibu milimita 1.2. Ni ngozi zaidi ya mia moja, moja juu ya nyingine. Hakuna wimbi la inverta litakalotokea upande wa pili kwa kupenya bati lenyewe. Hata karatasi ya alumini ya kufungia chakula, kama ungeweza kuifanya kasha lisilo na ufa hata mmoja, ingelishinda kasha lile kwa mbali.

Kwa hiyo kununua bati nene zaidi ni kutupa pesa, angalau kwa masafa haya. Ukitafuta kelele inapotokea, usiangalie ukuta. Angalia mahali ukuta unapokatika.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko inatokana na jaribio tunalofundishwa shuleni. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichozungushiwa chuma, akakichaji kwa umeme mkali kutoka nje, na yeye akiwa ndani na vifaa vyake hakuona dalili ya chaji. Ni kweli kabisa. Lakini umeme aliokuwa akiupima ulikuwa umetulia. Chaji ikishajipanga juu ya chuma haina safari tena, na kipande kimoja cha ukuta kikigusana na kingine hata kwa nukta moja, kazi imekwisha. Redio haiko hivyo. Hapa mkondo hubadili mwelekeo mara milioni mia mbili kwa sekunde, na kila mara lazima upite kwenye ukuta wote. Nukta moja ya kugusana haitoshi.

## Mkondo unaokatiwa njia

Inverta hugeuza umeme wa betri kwa kuwasha na kuzima transista maelfu ya mara kwa sekunde, mara nyingi makumi ya kilohezi. Kila kuwasha na kuzima kuna ukingo mkali, na ukingo mkali hubeba masafa ya juu sana kuliko yale ya kuwasha kwenyewe. Inverta za bei ya chini hazina chujio la maana, na mabaki ya kelele hiyo hufika mpaka FM.

Wimbi hilo linapogonga ukuta wa ndani wa kasha, husukuma mkondo juu ya ngozi ya chuma. Mkondo huo nao huunda wimbi lake linalolipinga lile la kwanza. Hiyo ndiyo kinga yenyewe: haitokani na ugumu wa chuma bali na mkondo unaotiririka bila kuzuiwa.

Sasa kata ufa katikati ya njia yake.

Mkondo hauwezi kuruka. Unazunguka mpaka ncha ya ufa, unavuka hapo, kisha unarudi. Wakati huo mdomo mmoja wa ufa umekusanya volteji tofauti na mdomo wa pili, na volteji hiyo inayopanda na kushuka kati ya midomo miwili hurusha wimbi upande wa nje. Ufa umekuwa antena. Mwaka 1946 Henry Booker alionyesha kwa hesabu kwamba ufa uliokatwa kwenye bati ni ndugu pacha wa waya wa urefu uleule: waya unaorusha vizuri ukiwa nusu ya wimbi una pacha wake, ufa wa nusu wimbi, unaorusha vizuri vilevile. Wapo wanaotengeneza antena kwa makusudi kwa njia hiyo.

Ufa ukilala sambamba na mkondo hauukati, na kelele kidogo tu hutoka. Lakini ndani ya kasha lenye inverta, nyaya na koili, mkondo huenda pande zote. Bora uhesabu kwamba kila ufa umelala vibaya.

Kitu kinachoamua ni urefu wa ule mzunguko, yaani urefu wa ufa.

Upana wake ni jambo dogo.

Hapo ndipo akili ya kawaida inapogoma. Vumbi huingia chumbani kwa kadiri ya ukubwa wa uwazi, nasi tunadhani wimbi nalo ni hivyohivyo: uwazi mkubwa hutoa kelele nyingi, uwazi mwembamba hutoa kidogo. Ufa wa sentimita 60 ambao hata kisu hakipiti huweza kuvujisha kelele zaidi ya mamia ya matundu yanayopitisha hewa ya kutosha kupoza inverta.

## Hesabu ya kasha la Arua

Kuna kanuni ya makadirio inayotosha kwa kazi ya karakana. Punguzo la kelele kwa ufa au tundu moja, kwa desibeli, ni:

```
S = 20 · log10( λ / 2L )
```

Hapo `λ` ni urefu wa wimbi na `L` ni kipimo kirefu zaidi cha uwazi. Kwa megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita 3, nusu yake ni sentimita 150. Kwa hiyo unagawa 150 kwa urefu wa ufa wako kwa sentimita, na mengine kikokotoo kitafanya. Uwazi unaofanana ukiwa mwingi mahali pamoja, ondoa `10 · log10(n)`, `n` ikiwa idadi yake. Kumbuka tu kwamba desibeli 3 ni nguvu kupungua nusu, 10 ni kubaki sehemu moja ya kumi, na 20 ni sehemu moja ya mia.

Kasha lilikuwa na mlango wa sentimita 60 kwa 40. Matundu ya hewa yalikuwa nyufa sita zilizokatwa kwa grinda, kila moja sentimita 20 kwa milimita 5. Ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana mafundi wengi huipenda kuliko kutoboa. Ufa mmoja: 150 kugawa kwa 20 ni 7.5, yaani desibeli 17.5. Nyufa sita zinaondoa karibu 8. Tunabaki na 10 hivi.

Fundi alikuwa sahihi. Desibeli 10 kwa kasha la chuma ni aibu.

Lakini tazama mlango. Kasha lote lilikuwa limepakwa rangi ya poda, ndani na nje, na rangi hiyo haipitishi umeme. Chuma kiligusana na chuma mahali patatu tu: kwenye bawaba mbili upande mmoja, na kwenye kitasa katikati ya upande wa pili. Bawaba ya juu iko sentimita 5 kutoka kona. Fuata mshono kuanzia hapo: 5 kupanda, 40 kuvuka juu, 30 kushuka mpaka kitasa. Ni ufa wa sentimita 75 uliopinda kona mbili, na kupinda hakuupunguzii urefu. 150 kugawa kwa 75 ni 2, desibeli 6. Upande wa chini kuna mwingine kama huo, kwa hiyo ondoa 3.

Zinabaki desibeli 3.

Yaani kwa upande wa mlango, kasha zima la chuma, pamoja na fedha na siku zilizotumika, lilipunguza nguvu ya kelele nusu tu. Sikio halitambui hilo kwenye redio ya FM.

Na hapo ndipo kuziba nyufa za hewa kulikoshindwa. Mlango ulikuwa unatoa kelele karibu mara tano ya zile nyufa. Ukiziba njia ndogo ukaacha kubwa, kelele ya nje inabaki karibu ileile. Fundi akitegemea sikio atasema: matundu hayakuwa tatizo. Baadaye akirekebisha mlango peke yake huku nyufa zikiwa wazi, atapata nafuu isiyotosha na kusema: mlango nao haukuwa tatizo. Vyote viwili vilikuwa tatizo.

Niliwahi kudhani rangi ndiyo mkosaji mkuu. Siku hizi nasitasita kidogo. Kingo mbili pana zilizonyooka kabisa, zikibanwa moja juu ya nyingine na rangi nyembamba katikati, hufanya kapasita, na kapasita kubwa hupitisha mkondo wa megahezi 100 bila shida nyingi. Tatizo la mlango wa karakana ni kwamba haujanyooka. Joto la kuchomelea limeuvuta, umeinuka milimita moja hapa na mbili pale, na katika uwazi huo kapasita inabaki ya jina tu. Kukwangua rangi kwenye mlango uliopinda hakusaidii, kwa sababu pale ulipoinuka chuma hakimfikii mwenzake. Kunyoosha kwanza, kukwangua baadaye.

## Kujua inapotokea

Redio ya FM ni kipimo kizuri lakini ina hila yake. Ukiiweka mahali pasipo na kituo itakoroma hata inverta ikiwa imezimwa, maana ndivyo FM ilivyo. Chagua kituo dhaifu cha mbali, kinachosikika vizuri lakini kwa shida, inverta ikiwa imezimwa. Ukiiwasha na sauti ikachafuka, umepata kipimo. Ufupishe mkonga wa antena, na redio isiondoke mahali pake wakati wa kulinganisha. Ukiisogeza sentimita chache tu, mapokezi yanabadilika na hujui tena unachopima.

Kabla ya kugusa mshono wowote, hakikisha kelele haitoki kwa nyaya. Waya mmoja unaotoka ndani kwenda nje huibeba kelele na kuirusha kwa urefu wake wote, na unaweza kuhangaika na mlango mwezi mzima bure. Jaribio ni hili: ondoa nyaya zote zinazotoka. Weka ndani ya kasha betri ndogo iliyozibwa ya volti 12, ya Ah 7, pamoja na balbu ya zamani ya waya ya wati 40 kama mzigo. Usitumie balbu ya LED, nyingine zina kelele zake. Funga mlango, sikiliza dakika mbili tatu, zima. Betri isikae ndani ya kasha lililofungwa muda mrefu, na usiguse kitu ndani wakati inverta inawaka, kwani upande wa kutolea una volti 240.

Kelele ikitoweka, nyaya ndizo zilizokuwa zikiitoa. Ikibaki, ni mishono au matundu, na sasa unaweza kuyatafuta.

Watu wengi huziba sehemu moja, husikiliza, hufungua, kisha huziba nyingine. Njia hiyo hudanganya kwa sababu ileile iliyomdanganya fundi: kukiwa na mivujo miwili inayolingana, kuziba mmoja kunapunguza desibeli 3 tu. Fanya kinyume. Ziba kila kitu kwa wakati mmoja. Kwangua rangi kuzunguka mlango na kuzunguka matundu, funika kwa karatasi ya alumini inayopita kingo zote, ibane kwa vibanio na sumaku ili iguse chuma kitupu. Utepe wa alumini peke yake hauaminiki, maana gundi yake mara nyingi haipitishi umeme. Kelele ikiisha, anza kufunua kipande kimoja kimoja. Kile kitakachoirudisha ndicho mkosaji, kisha kifunike tena kabla ya kufunua kingine.

Mwenye kompyuta na kipokezi cha USB cha aina ya RTL-SDR anaweza kuacha kutegemea sikio. Amri hii hupima bendi nzima kwa dakika moja:

```
rtl_power -f 88M:108M:100k -g 20 -i 10 -e 1m kelele.csv
```

Namba 20 baada ya `-g` inafunga ukuzaji usibadilike wenyewe, la sivyo vipimo viwili havilinganishiki. Linganisha nafasi zilizo kati ya vituo, si vituo vyenyewe. Kampala, ambako bendi imejaa vituo vyenye nguvu, kipokezi cha bei rahisi huzidiwa na kuonyesha kelele isiyokuwepo. Hapo punguza ukuzaji au tumia antena fupi sana.

## Matundu: mengi, madogo, ya duara

Arua ina joto na inverta lazima ipumue. Kuziba matundu kabisa, kama alivyofanya fundi siku ya pili, ni kuihukumu inverta kufa kwa joto. Suala si kuwa na matundu bali yawe ya umbo gani.

Nyufa sita za awali zilikuwa na eneo la jumla la sentimita za mraba 60. Eneo hilohilo unalipata kwa matundu 212 ya duara yenye kipenyo cha milimita 6. Tundu moja: 150 kugawa kwa 0.6 ni 250, desibeli 48. Wingi wake unaondoa 23. Tunabaki na 25, na unene wa bati unaongeza kama 6, kwa sababu tundu lenye kina huwa bomba fupi ambalo wimbi refu haliwezi kupita. Hewa ileile, lakini badala ya desibeli 10 una 30 hivi. Nguvu ya kelele inayotoka ni ndogo kiasi cha mara mia.

Hakuna anayetaka kutoboa matundu 212 kwa mkono. Nunua bati lililotobolewa kiwandani, kata vipande viwili, kimoja cha chini ubavuni na kimoja cha juu upande wa pili, ili hewa moto ipande na baridi iingie. Halafu kichomelee kipande hicho pande zote nne bila kuacha nafasi. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Nimeona vipande vya namna hii vimefungwa kwa riveti nne za kona juu ya rangi: matundu ni ya milimita 6, lakini kipande chenyewe kimezungukwa na nyufa za sentimita 20 na zaidi. Umeondoa nyufa sita ukarudisha nne.

Wavu wa mbu wa plastiki hauna maana yoyote hapa. Wavu wa chuma unasaidia ikiwa nyaya zake zimeshikana kila zinapokutana. Uliosukwa tu hulegea na kupata kutu kwenye makutano.

Kasha likihitaji kinga kubwa zaidi, kuna paneli za masega, vijibomba vingi vilivyobanana. Bomba la duara ambalo kipenyo chake ni kidogo sana kuliko wimbi hupunguza karibu desibeli 32 kwa kila urefu unaolingana na kipenyo chake. Kijibomba cha milimita 3 chenye kina cha milimita 12 kinatoa zaidi ya 120 kwenye karatasi, na hewa inapita. Masharti ni mawili: ukingo wa paneli ugusane na kasha mzunguko mzima, na usipitishe waya ndani ya bomba. Waya ukipita, bomba linageuka kebo na kinga yake yote inapotea.

## Mlango

Kwa mlango lengo ni kufupisha ufa kwa kuongeza mahali pa kugusana. Bolti kila sentimita 5 kuzunguka ukingo zinaugeuza mshono wote wa sentimita 200 kuwa vijufa arobaini vya sentimita 5. Hesabu: 150 kugawa kwa 5 ni 30, desibeli 29.5, wingi unaondoa 16, zinabaki 13 na nusu. Ukingo wa mlango unaopandana na kasha kwa milimita 15 nao ni kina, unaongeza kama 8. Jumla 21 na ushei. Sio mbaya, lakini nani atafungua bolti 40 kila anapotaka kuangalia fyuzi?

Njia bora ni kuweka kitu laini kinachopitisha umeme mzunguko mzima. Kuna vipande vya vidole vya springi vya shaba na gasketi za wavu wa chuma, ila bei yake si ya duka la Arua. Mbadala unaofanya kazi ni suka ya kebo nene ya antena: chagua shaba iliyopakwa stani, ile yenye rangi ya fedha, ivue kwenye kebo, ilaze mara mbili juu ya ukingo uliokwanguliwa, na uishike kwa risasi ya kuchomelea kila sentimita chache. Mlango ukifungwa suka inajaza yale mapengo ya milimita moja mbili. Sehemu za kugusana zinakaribiana chini ya sentimita moja, na hapo kina cha ukingo kinaanza kulipa: milimita 15 zilezile zilizotoa 8 kwa vijufa vya sentimita 5 zinatoa karibu 40 kwa vijufa vya sentimita moja. Hesabu ya karatasi inakupeleka kwenye 60. Karakana haitafika huko, ila hata nusu yake inatosha kuirudisha redio.

Suka inahitaji kubanwa. Kitasa kimoja cha katikati hakitoshi. Kona za juu na chini zitainuka. Weka vibanio vitatu upande wa kitasa na kimoja kimoja juu na chini.

Rangi izuiwe kabla ya kupakwa, si kukwanguliwa baadaye. Zungushia ukingo utepe wa karatasi kwa upana wa milimita 20 kabla kasha halijapelekwa kwenye poda. Na kwenye kila bolti iliyobaki, weka washa ya meno; meno yake hutoboa rangi na kutu na kushika chuma.

Jiko la mawimbi la jikoni linatatua jambo hili kwa akili nyingine kabisa. Hufanya kazi kwa gigahezi 2.45, wimbi la sentimita 12, na mlango wake haugusani na chuma vizuri hata kidogo. Kuzunguka ukingo kuna mfereji wenye kina cha robo ya wimbi, sentimita 3 hivi, unaolirudisha wimbi hivi kwamba mshono unaonekana kwake kama umefungwa. Ni ujanja mzuri, lakini unafaa kwa masafa hayo tu. Kwa megahezi 100 mfereji ungehitaji kina cha sentimita 75, zaidi ya kasha lenyewe.

## Nyaya, kwa kifupi

Kasha lililotulia kwenye jaribio la betri ya ndani litaanza kelele tena mara utakaporudisha nyaya za betri, paneli na mzigo, usipozishughulikia pale zinapovuka ukuta. Kila waya upate kapasita ya seramiki kutoka kwenye waya mpaka kwenye bati, miguu yake ikiwa mifupi iwezekanavyo, palepale kwenye tundu. Sentimita 10 za waya wa kapasita zinatosha kuifanya isifanye kazi kwenye FM. Kwa upande wa volti 240 tumia chujio lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye ganda la chuma, na ganda hilo liguse bati tupu. Pete za feraiti husaidia juu ya hayo. Peke yake hazitoshi.

## Mahali hesabu inapokoma

Kanuni ya `λ / 2L` ni ya makadirio. Inadhani chanzo kiko mbali na ufa. Koili ya inverta ikikaa sentimita mbili kutoka kwenye tundu, matokeo yatakuwa mabaya kuliko hesabu, na suluhisho rahisi ni kuisogeza katikati ya kasha. Kasha nalo lina masafa linayoyaitikia kwa nguvu; kwa sentimita 60 kwa 40 kwa 25 ya chini kabisa ni megahezi 450 hivi, kwa hiyo FM imesalimika, lakini kwenye kasha la ukubwa wa chumba haitasalimika.

Na kazi iliyofanywa kwa FM haihesabiki kwa simu. Kwa megahezi 900 nusu ya wimbi ni sentimita 16.7, na kijufa cha sentimita 5 kinachotoa karibu 30 kwenye FM kinatoa 10 tu, kabla hata ya kuondoa wingi. Anayetaka kuzuia masafa hayo aanze na suka mzunguko mzima na matundu ya milimita 3, wala asipoteze muda na bolti.

Kutu ndiyo itakayoamua kasha litadumu kiasi gani. Ukingo mtupu wa chuma cha kawaida unaanza kuota kutu msimu wa kwanza wa mvua, na kutu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo mvujo unarudi taratibu bila mtu kugusa kitu. Ukingo uliopakwa zinki unadumu zaidi, ila shaba tupu juu ya zinki ikipata unyevu huila zinki haraka. Ndiyo sababu ya kuchagua suka yenye rangi ya fedha. Mvua zikiisha, fungua mlango, pangusa suka na ukingo kwa kitambaa kikavu na msasa laini, kisha rudia kusikiliza kituo kilekile dhaifu, redio ikiwa mahali palepale.